Kisigino cha mtoto mchanga: damu kiasi gani, ichomwe wapi, ianze tyubu ipi

Mtoto njiti aliyezaliwa kwa wiki 30 yuko siku ya tatu, uzito wake kilo 1.2. Daktari ameomba vipimo vinne vya asubuhi: gesi za damu, picha kamili ya damu, bilirubini pamoja na chumvi za damu, na sukari. Hana katheta kitovuni, na mishipa ya mikononi tunataka kuitunza kwa ajili ya maji na dawa. Kimebaki kisigino. Kabla hata ya kufungua pakiti ya lanseti, kuna mambo matatu ya kuamua, na mpangilio wake una maana: kwanza damu kiasi gani, kisha wapi pa kuchoma, kisha tyubu ipi ianze. Watu wengi huanzia mahali pa kuchoma, na hapo ndipo hesabu ya damu inapopotelea.

Tuanze na hesabu. Mtoto aliyetimiza miezi ana takriban mililita 80 hadi 90 za damu kwa kila kilo ya uzito. Njiti ana zaidi kidogo kwa kilo, 90 hadi 100, lakini kilo zenyewe ni chache. Tukichukua 90, mtoto wetu wa kilo 1.2 ana mililita 108 tu mwilini mwake mwote. Hiyo haijazi hata nusu ya bilauri. Asilimia 1 ya damu yake ni mililita 1. Kwa mtu mzima mwenye lita 5, asilimia hiyohiyo ni mililita 50.

Sasa tuhesabu vipimo vilivyoombwa. Mrija mwembamba wa gesi za damu huchukua mililita 0.1 hivi. Tyubu ndogo ya EDTA kwa picha ya damu, mililita 0.3. Tyubu ya heparini kwa bilirubini na chumvi, mililita 0.5. Sukari ni tone. Halafu kuna damu ambayo haiandikwi popote: tone la kwanza lililofutwa, na ile inayonywewa na gozi wakati wa kubana kidonda, jumla yake hufika mililita 0.1 kirahisi. Ukijumlisha unapata mililita 1 na ushei, yaani asilimia 1 ya damu yake kwa mchomo mmoja.

Je, ni nyingi? Mipaka inayotumika sehemu mbalimbali hailingani. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, yaliyohusu damu inayochukuliwa kwa watoto kwa ajili ya utafiti, yalikuta miongozo inaruhusu kati ya asilimia 1 na 5 ya damu yote ndani ya saa 24, na hadi asilimia 10 ndani ya wiki 8, na yakashauri mtoto mgonjwa asizidishiwe mililita 3 kwa kilo kwa siku. Matibabu si utafiti, kwa sababu daktari anaweza kulazimika kuvuka mpaka ili kuokoa maisha. Hata hivyo namba hizo zinafaa kuwa kengele ya kumfanya mtu asimame na kuuliza. Kwa mchomo mmoja mtoto wetu yuko salama.

Tatizo linajificha kwenye marudio. Tuseme vipimo hivyohivyo vinarudiwa jioni, na kesho, na keshokutwa, kwa wiki nzima. Mililita 1 mara mbili kwa siku kwa siku 7 ni mililita 14, karibu asilimia 13 ya damu yake. Hakuna hata siku moja aliyovuka asilimia 2, lakini kwa wiki moja amepita kiwango kilichowekwa kwa wiki 8. Kwa mtu mzima hiyo ingekuwa zaidi ya mililita 600, wakati chupa moja ya damu anayochangia ni 450 hivi. Tena mtu mzima uboho wake huamka mara moja kufidia. Njiti hutoa homoni ya kuamsha uboho kwa uvivu, kwa hiyo kinachotoka leo hakirudi wiki hii. Sehemu kubwa ya damu tunayomwongezea njiti katika wiki zake za mwanzo inakwenda kufidia damu tuliyomtoa sisi wenyewe kwa vipimo.

Basi kabla ya kuchoma, pitia fomu na uliza kipi kinaweza kuunganishwa au kuachwa. Mashine nyingi za gesi za damu husoma pia sukari, sodiamu na potasiamu kutoka kwenye mrija uleule, hivyo tone la sukari la peke yake halina haja. Jua kiwango cha chini kabisa ambacho maabara yako inakihitaji, na ukijue kama plazima, siyo kama damu. Hapa watu hukosea. Chembe nyekundu za mtoto mchanga zinaweza kuchukua asilimia 60 ya damu yake, kwa hiyo mililita 0.5 za damu zikizungushwa kwenye sentrifugi zinatoa mililita 0.2 za plazima, na siyo zote zinazoweza kunyonywa bila kugusa chembe. Mashine inayotaka mililita 0.1 ya plazima inahitaji mililita 0.3 hadi 0.4 za damu kutoka kisiginoni. Ukileta 0.2 sampuli itakataliwa na mtoto atachomwa tena, na ukileta 0.8 umemnyang'anya nusu bila sababu.

Na kama jumla ya damu inayohitajika inakaribia mililita 1.5, acha kisigino kabisa. Kidonda kimoja cha kisigino hakitoi damu nzuri kwa muda wa kutosha kujaza kiasi hicho, na mwisho wake ni kukamua. Mshipa wa vena ukichomwa na mtu mwenye mkono mzoefu humuumiza mtoto kidogo kuliko kisigino, na hutoa damu safi zaidi. Vipimo vya kuganda kwa damu na damu ya kuotesha vijidudu havifai kabisa kutoka kisiginoni, hata kama kiasi ni kidogo: majimaji ya nyama huamsha kuganda, na vijidudu vya ngozi huingia kwenye chupa.

Wapi pa kuchoma

Adui hapa ni mfupa wa kisigino. Lanseti ikiugusa, vijidudu vya ngozi hupata njia ya kuingia ndani ya mfupa, na mtoto anaweza kupata usaha wa mfupa ambao huonekana siku au wiki kadhaa baadaye: kisigino kimevimba, chekundu, na mtoto hataki kukisogeza. Kwa mtoto wa kilo 3, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 unaonyesha kwamba kutoka juu ya ngozi hadi mfupani pembeni mwa kisigino, ndani au nje, ni milimita 3.32. Kwenye mviringo wa nyuma wa kisigino ni 2.33 tu. Mwongozo huohuo unasema kina kisizidi milimita 2.4. Weka namba hizo pamoja na utaona kwa nini nyuma ya kisigino ni marufuku: kina kinachoruhusiwa pembeni kinatosha kugonga mfupa nyuma.

Milimita 2.4 ni ukuta wa mwisho, si kina cha kulenga. Damu haijakaa ndani huko. Mtandao mnene wa mishipa midogo ya kisigino uko pale ngozi inapokutana na mafuta ya chini yake, kina cha nusu milimita hadi milimita moja na nusu hivi. Ndiyo maana lanseti za kisasa zinazofyatuka zenyewe hukata milimita 1 tu kwenda chini na 2.5 kwa urefu kwa mtoto aliyetimiza, na 0.85 kwenda chini kwa njiti. Kinacholeta damu ni urefu wa mkato; kwenda chini zaidi huleta maumivu na hatari tu. Lanseti ya kuchoma kwa mkono, au sindano ya kawaida, haina kizuizi chochote. Haifai kwa mtoto huyu.

Hata lanseti yenye kizuizi inaweza kudanganywa. Ukiikandamiza kwa nguvu, unabana nyama iliyo kati ya ngozi na mfupa, na umbali ule wa milimita 3.32 hauko tena. Kwa njiti ulikuwa mdogo tangu mwanzo. Lanseti iguse ngozi ikae bapa, isizame.

Sasa mstari. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1979, uliofanywa kwa kupima visigino vya watoto waliofariki, ndio uliotupatia mchoro unaotumika mpaka leo. Shika unyayo ukutazame. Vuta mstari wa kufikirika kutoka kati ya kidole cha nne na cha mwisho, ushuke sambamba na ukingo wa nje wa mguu hadi kisiginoni. Vuta mwingine kutoka katikati ya kidole gumba, ushuke ndani hadi kisiginoni. Mfupa wa kisigino mara chache sana hupita nje ya mistari hiyo miwili. Choma upande wa unyayo, nje ya mstari wa nje au nje ya mstari wa ndani, kamwe si katikati yake.

Mimi napendelea upande wa nje. Upande wa ndani una mshipa mkubwa na neva zinazopinda kuelekea unyayoni, na mkono ukiteleza mbele kidogo tu umeshaingia kwenye upinde wa mguu, ambako kuna kano, neva na ateri bila mto wa mafuta. Upande wa nje unasamehe kosa la milimita mbili. Upande wa ndani si kosa, na unahitajika pale upande wa nje umechoka, lakini sogea nyuma kwenye kisigino chenyewe.

Usirudie tundu la jana. Kidonda ambacho hakijapona kina majimaji ya uvimbe yatakayopunguza nguvu ya damu, na kina vijidudu. Njiti anayechomwa mara kwa mara hupata kovu gumu na wakati mwingine vijiwe vidogo vya chokaa chini ya ngozi. Zungusha: kulia nje, kushoto nje, kulia ndani, kushoto ndani, na uandike kwenye karatasi ya mtoto ulikochoma, maana zamu ya usiku haiwezi kukumbuka kwa niaba yako. Kisigino chenye uvimbe, wekundu, michubuko au ngozi ya bluu iliyopoa kiache. Mtoto aliye kwenye mshtuko, ambaye damu yake haifiki vizuri pembezoni, namba za kisiginoni hazitamwakilisha.

Kisigino ni cha watoto wadogo tu. Mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani unakiweka kwa mtoto wa chini ya miezi 6 mwenye kilo 3 hadi 10, na njiti chini ya hapo. Kidole cha mkono cha mtoto mchanga hakiguswi, kwa sababu mfupa wake uko karibu mno na ngozi.

Kuandaa mguu

Mguu baridi hautoi damu. Uvike kitambaa cha uvuguvugu au kipasha joto kisichozidi nyuzi 40, dakika 3 hadi 5. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kupimwa kwa hisia ya mkono kimewahi kuwaunguza watoto, na ngozi ya njiti huungua kwa joto ambalo mkono wako unaliona la kawaida. Kama mguu tayari uko na joto, kuupasha zaidi hakuongezi kitu kikubwa. Laza mtoto chali, mguu uwe chini kuliko moyo.

Maumivu yana dawa rahisi. Matone machache ya maji ya sukari ya asilimia 24 kwenye ulimi dakika 2 kabla, njiti wa kilo 1.2 mililita 0.1 hadi 0.2, pamoja na kumkumbatisha kifuani mwa mama au kumfunga vizuri mikono na miguu. Mtoto aliyetulia hana pumzi iliyovurugika, na pumzi iliyovurugika hubadilisha gesi za damu. Lakini badili glovu baada ya kumpa sukari. Chembe moja ya maji hayo ya sukari kwenye glovu ikigusa kisigino, mashine ya sukari itasoma juu, na mtoto mwenye sukari ya chini ataachwa bila matibabu.

Safisha kwa spiriti ya asilimia 70, kisha subiri ikauke yenyewe, nusu dakika hivi. Spiriti iliyobaki mbichi hupasua chembe nyekundu, huchanganya damu, na hufanya tone litambae kwenye ngozi badala ya kusimama duara. Aidini ya povidoni isitumike hapa. Hupandisha kwa uongo potasiamu, fosfeti na bilirubini, na kwa mtoto wa manjano hicho ndicho kipimo tunachokitaka.

Choma, kisha futa tone la kwanza kwa gozi kavu. Lina majimaji mengi ya nyama na mabaki ya spiriti.

Tyubu ipi ianze

Mtu aliyejifunza kuchukua damu kwenye mshipa ana mpangilio kichwani, naye akija kisiginoni anaujia nao. Ndiyo chanzo cha sampuli nyingi zilizoharibika. Kwenye mshipa, damu inapita ndani ya sindano moja kutoka tyubu hadi tyubu, na hofu ni dawa ya tyubu moja kuvuja hadi nyingine, hasa EDTA, ambayo hupandisha potasiamu na kushusha kalsiamu. Kwa hiyo EDTA husukumwa kuelekea mwishoni. Kisiginoni hakuna sindano inayopita kati ya tyubu, tone linaanguka lenyewe. Hofu hapa ni saa. Tangu lanseti ilipofyatuka, chembe sahani zimeanza kukimbilia kidonda na kushikana, na damu imeanza kuganda juu ya ngozi. Kipimo kinachoharibiwa na kuganda lazima kitangulie.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: gesi za damu, kisha EDTA, kisha tyubu nyingine zenye dawa kama heparini, na mwisho tyubu ya seramu ambayo itaganda hata hivyo.

Gesi hutangulia kwa sababu mbili. Damu hubadilisha gesi zake inapokutana na hewa, na damu ya mwanzo kutoka kwenye mguu uliopashwa joto ndiyo inayofanana zaidi na ya ateri. Lalia mrija karibu usawa, gusisha ncha yake katikati ya tone, uache unyonye wenyewe. Ukiuinua, hewa inaingia, na kiputo kimoja katika mililita 0.1 ni kikubwa sana: kabonidioksidi hushuka na oksijeni huelekea ya hewa ya chumba. Kwa vyovyote, oksijeni ya kisigino si ya kuamini, ila pH na kabonidioksidi hukaribia za ateri ikiwa mguu una damu ya kutosha. Ziba ncha zote mbili, changanya, upeleke mara moja.

EDTA inafuata bila kupumzika. Shika mdomo wa tyubu chini ya tone na uliache lianguke au liteleze ndani. Usikwangue ngozi kwa ukingo wa tyubu kama mtu anayekomba uji bakulini. Kila mkwaruzo hupasua chembe nyekundu na kuamsha kuganda. Baada ya kila matone mawili matatu, gonga kitako cha tyubu kwa kidole ili damu ishuke na ikutane na dawa. Tyubu hizi ndogo nyingi zina mistari miwili, 0.25 na 0.5. Chini ya mstari wa kwanza EDTA inakuwa nyingi kupita damu na chembe nyekundu husinyaa. Juu ya wa pili EDTA haitoshi na vidonge vidogo vya damu iliyoganda hutokea. Ukifunika, ipindue taratibu mara 8 hadi 10. Usiitikise.

Kukamua ndilo kosa linaloonekana kila siku. Kubana kisigino kwa nguvu mfululizo hakukamui damu zaidi, hukamua maji yaliyo kati ya nyama. Bana kifundo kwa upole, tone litokee, liingie, achia kwa sekunde chache mishipa ijae tena, rangi ya waridi irudi, halafu bana tena. Mwendo huo wa kubana na kuachia unafanya kazi kuliko nguvu. Kama tone limeanza kuwa jeusi na kuvutika kama uzi ukiligusa, kidonda kimefunga. Futa mara moja kwa gozi kavu, labda kitafunguka. Kama hakifunguki, simama. Jaribio la pili lifanyike kisigino kingine na lanseti mpya, na baada ya hapo mwachie mtu mwingine au tumia mshipa.

Heparini kwa ajili ya bilirubini na chumvi huja baadaye kwa sababu inavumilia kuchelewa kidogo. Tyubu ya bilirubini ifunikwe isipigwe na mwanga, kwani mwanga huivunja bilirubini ndani ya tyubu kama unavyoivunja kwenye ngozi. Taa ya kutibu manjano izimwe wakati wa kuchukua.

Na kadi ya uchunguzi wa magonjwa ya kuzaliwa nayo? Kama siku yake imeangukia hapa, ni vizuri ipewe mchomo wake, au matone mapya makubwa yanayotoka moja kwa moja kwenye ngozi. Kamwe usimimine kwenye kadi damu ya tyubu ya EDTA ili kuokoa mchomo. EDTA huharibu baadhi ya vipimo vyake. Tone moja kubwa lijaze duara moja mpaka litokeze upande wa pili, upande mmoja tu, halafu kadi ilale bapa ikauke kwa angalau saa 3, mbali na jua. Kadi ichukuliwe kabla ya mtoto kuongezewa damu, la sivyo unampima mchangiaji.

Jinsi ya kujua sampuli imeharibika

Rudi kwa mtoto wetu. Tuseme aliyemchukua damu alianza na heparini, akakamua kwa nguvu, na EDTA ikawa ya mwisho dakika ya tano. Majibu yanarudi: chembe sahani 58, potasiamu 7.4. Kwenye karatasi huyu ni mtoto mgonjwa sana, wa kuongezewa chembe sahani na kupewa dawa za kushusha potasiamu.

Mtaalamu wa maabara aliyeangalia kwa macho atasema vingine. Kwenye tyubu ya heparini plazima ina wekundu badala ya kuwa njano, yaani chembe nyekundu zimepasuka na kumwaga potasiamu yake. Kwenye tyubu ya EDTA, kijiti kikizungushwa taratibu kinatoka na uzi wa damu iliyoganda, na kwenye slaidi chini ya hadubini chembe sahani zimejikusanya makundi makundi pembezoni. Hazijapungua, zimeshikana, na mashine imehesabu kundi zima kama kitu kingine. Kukiwa na manjano ya kutosha, wekundu wa plazima hufichwa na rangi ya bilirubini, kwa hiyo kipimo cha mashine cha upasukaji wa chembe kiaminiwe kuliko jicho.

Potasiamu hiyo isirudiwe kisiginoni. Angalia moyo kwenye monita wakati huohuo bila kusubiri, kisha rudia kwenye mshipa. Vivyo hivyo, kama damu ya kisigino inaonyesha chembe nyekundu asilimia 68 na daktari anafikiria kupunguza damu, lazima ithibitishwe kwenye mshipa, kwa sababu kisigino husoma juu zaidi, na zaidi kisigino baridi. Sampuli moja iliyoharibika imegharimu mililita 1, na marudio yatachukua nyingine. Kwa kosa la mpangilio, mtoto wa kilo 1.2 amepoteza asilimia 2 ya damu yake asubuhi moja.

Ukimaliza, inua mguu juu, bana kwa gozi kavu mpaka damu isimame, kawaida dakika moja hadi mbili, kisha angalia tena baada ya dakika chache. Plasta usibandike: hung'oa ngozi ya njiti, na kwa mkubwa kidogo huishia mdomoni. Andika jina kwenye tyubu hapohapo pembeni ya inkubeta, kabla ya kusogea kwa mtoto wa jirani. Kisha kwenye karatasi ya mtoto andika kila kitu, pamoja na kilichoishia kwenye gozi: siku ya 3, saa 2 asubuhi, kisigino cha kulia nje, mililita 1.0, jumla tangu kuzaliwa mililita 3.4.